Waya mwembamba, mfupi, mnene au mrefu: upi wa kuchajia simu yako?

Shangazi yangu anakaa Wete, kisiwani Pemba. Siku moja nilifika kwake baada ya laasiri nikamkuta amekaa karibu na mlango, simu mkononi, waya umening'inia kutoka ukutani.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie simu hii. Tokea saa saba ipo kwenye chaji, ilikuwa asilimia 14, na mpaka sasa ni 39 tu. Fundi kanambia betri imechoka, nitafute nyengine.”

Niliuchomoa waya nikaurudisha. Unaingia vizuri, umekaza, hauchezi. Simu yenyewe haijatimiza miaka miwili na betri yake ni ya miliampea-saa 5,000. Kichwa cha chaja kimeandikwa volti 5, ampea 2. Sikugusa chochote isipokuwa kimoja: niliutoa ule waya wake nikachomeka wangu, kichwa kile kile, soketi ile ile. Kwa muda wa nusu saa simu ikapanda kutoka 39 hadi 60.

Betri ilikuwa haina tatizo. Na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa sababu dalili ya betri iliyochoka kwa kawaida ni kinyume cha ile ya shangazi: hujaa haraka na kuisha haraka, maana chombo kimekuwa kidogo. Simu inayopanda kwa kujikokota lakini ikishajaa inakaa siku nzima, betri yake nzima. Umeme ndio hauifikii.

Wanaokuja kwangu na shida hii huwa wamesimama dukani mbele ya nyaya nne: mwembamba wa kawaida wa mita 1, mfupi wa sentimita 30, mnene wa mita 1, na mrefu wa mita 2. Zote zinaingia kwenye simu yao. Zote zinawasha alama ya chaji. Nataka nizilinganishe kwa vipimo vile vile, kila mmoja apate haki yake.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza, na ndicho kikubwa, ni umeme kiasi gani unafika kwenye simu. Kichwa cha chaja cha kawaida kinatoa volti 5 na kidogo juu yake. Umeme huo unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwengine, kwa hiyo waya wa mita 1 una mita 2 za njia. Njia hiyo inazuia. Kuzuia huko kunaitwa ukinzani, na kunapimwa kwa omu. Kila ampea moja inayopita kwenye omu moja inapotezea volti moja njiani. Kadiri simu inavyovuta zaidi, ndivyo volti inavyoshuka zaidi kabla ya kuifikia.

Sasa, simu haikubali volti ishuke tu. Ndani yake kuna kifaa kinachosimamia chaji, na kifaa hicho kinaangalia volti inayoingia. Ikikaribia 4.5 hivi, simu inaacha kuongeza mvuto. Inapunguza ampea mpaka volti itulie. Ndiyo maana waya mbovu hauizimi chaji. Alama inawaka, asilimia inapanda, lakini simu inakunywa kidogo kidogo kwa kujizuia yenyewe. Mtu anaona mambo yanakwenda, basi hamshuku waya.

Ukinzani wa waya unaamuliwa na mambo matatu: unene wa shaba iliyomo ndani, urefu wake, na kama kweli ni shaba. Unene wa ganda la nje haumo. Unene wa shaba huandikwa kwa namba ya AWG, nayo inasomwa kinyumenyume: namba ikiwa ndogo, waya ni mnene. AWG 28 ina eneo la milimita mraba 0.08, na AWG 24 ina 0.2, yaani mara mbili na nusu.

Kipimo cha pili ni kama ndani zimo nyaya za data. Hizi hazipitishi umeme wa chaji, bali kwa njia yake simu inatambua imechomekwa kwenye kitu gani. Kichwa cha chaja huziunganisha nyaya mbili za data pamoja, simu ikiliona hilo inajua hii ni chaja na inaweza kuvuta mpaka ampea 1.5 au zaidi. Waya uliotengenezwa kwa kubana gharama unaweza kuwa na nyaya mbili tu za umeme. Hapo simu haijui iko wapi, na nyingi huchukua hadhari kwa kuvuta nusu ampea tu, hata kama shaba ni nene.

Vya mwisho ni viwili vyepesi: unadumu vipi, na unafika pale unapotaka simu ikae.

Mwembamba wa mita 1

Huu ndio aliokuwa nao shangazi. Baadaye ulipokatika shingoni nilimwomba, nikaupasua kwa wembe. Chini ya ganda jeupe la plastiki zuri kabisa, mlikuwa na nyaya mbili zenye unene wa njiti ya kibiriti pamoja na mpira wake, na katikati yake uzi wa nailoni wa kujazia. Nilipomenya mpira wa mmoja, nikahesabu nyuzi saba za rangi ya fedha, nyembamba kama unywele. Weupe peke yake si ushahidi, kwa sababu shaba nzuri huweza kupakwa bati. Nikaukwaruza uzi mmoja kwa ncha ya wembe. Kama ungekuwa shaba, chini pangetokea wekundu. Huu ulikuwa mweupe mpaka ndani: alumini, ambayo inazuia umeme kwa zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba ya unene ule ule. Nyaya nyengine huwa za chuma kilichopakwa shaba, na hizo utazijua kwa sumaku.

Tupige hesabu. Chukua waya wa AWG 30 wa alumini, mita 1, kwenda na kurudi. Ukinzani wake pamoja na wa vichwa vyake ni kama omu 1.1. Kichwa kinatoa volti 5.1, simu haitaki ishuke chini ya 4.5, kwa hiyo nafasi ya kupoteza njiani ni volti 0.6 tu. Gawa 0.6 kwa 1.1, unapata ampea 0.55. Kwa hiyo kichwa cha ampea 2 kinatoa robo ya uwezo wake, na kwenye simu zinaingia kama wati 2.5. Betri ya miliampea-saa 5,000 inahitaji kama wati-saa 19, na sehemu ya umeme unaoingia hugeuka joto. Hesabu inatoka karibu saa 9 kujaa kutoka sifuri, simu ikiwa imelala. Shangazi alikuwa akizungumza na mwanawe kwa video huku simu iko kwenye chaji. Mazungumzo ya video yanaweza kula karibu chote kinachoingia. Ndiyo maana alikuwa akikata simu anakuta asilimia iko pale pale.

Si kila waya mwembamba uko hivyo. Ungekuwa AWG 28 ya shaba kweli, hesabu hiyo hiyo inatoa kama ampea 1.2, kasi ambayo wengi wangeridhika nayo. Kwa macho nyaya hizo mbili zinafanana kabisa.

Nyaya za data humo wakati mwengine zipo, wakati mwengine hazipo. Kudumu, haudumu: nyuzi saba zikianza kukatika moja moja pale shingoni, ukinzani unapanda zaidi, na waya uliokuwa ukichaji polepole unazidi kuchelewa kila wiki mpaka siku moja unataka ushikiliwe kwa pembe fulani ndiyo uchaji.

Hata hivyo una wake. Simu ya batani, kiswaswadu, ina betri ndogo na huvuta nusu ampea au chini ya hapo. Kwake waya huu haubani chochote. Vile vile vipokea sauti vya masikioni, spika ndogo, taa ya kuchaji. Na anayelaza simu tokea saa tatu usiku mpaka alfajiri ataamka amekuta imejaa au imekaribia. Shida inampata yule anayetegemea kuchaji saa moja mchana.

Mfupi wa sentimita 30

Waya huu watu wanaudharau, huonekana kama kitu cha kuchezea. Lakini chukua ile ile alumini mbaya ya AWG 30, ikate iwe sentimita 30 badala ya mita 1. Ukinzani unashuka hadi kama omu 0.4. Gawa tena ile 0.6, sasa unapata kama ampea 1.5, na wati 7. Madini yale yale mabaya, kiwanda kile kile, na kasi imekaribia mara tatu, kwa ufupi tu. Katika nusu saa wa mita 1 ungepandisha asilimia 6, huu unapandisha kama 16.

Nyaya za data humo nazo ni bahati nasibu, basi ijaribu kabla ya kuondoka dukani, nitaeleza namna. Kuhusu kudumu, mfupi huteseka kwa namna yake: ukiuchomeka kwenye soketi ya ukutani simu inaning'inia hewani, uzito wote uko kwenye tundu la simu, na tundu ndilo ghali kutengeneza. Usiufanyie hivyo. Ukiwa huna meza chini ya soketi, huu si waya wako wa nyumbani.

Mahali pake ni pawa benki. Anayepanda boti bandari ya Mkoani kwenda Unguja, simu na pawa benki viko kwenye mkoba mmoja, hana haja ya mita nzima ya waya inayojikunja na kukatika. Pia kwa wenye sola ndogo yenye tundu la kuchajia simu, ukiweza kuiweka simu kivulini jirani na tundu hilo, mfupi unaokoa umeme ambao vyenginevyo ungepotea kuupasha waya joto.

Mnene wa mita 1

Kwa mnene nakusudia shaba ya AWG 24 au namba ndogo zaidi kwenye nyaya za umeme. Ukinzani wake kwa mita 1 pamoja na vichwa ni kama omu 0.2. Hapa mambo yanageuka: waya haubani tena, kinachobana ni kichwa cha chaja. Simu inavuta ampea zote 2, volti inafika kama 4.7, wati zinakuwa kama 9. Nusu saa, asilimia 21. Ndiyo ile 39 hadi 60 aliyoiona shangazi.

Kwa kuwa aliyeweka shaba ya kutosha mara nyingi hakubana kwenye mengine, nyaya za data kwa kawaida huwemo. Shingo zake huwa na mpira mrefu unaonyumbuka, nao ndio unaookoa waya kuliko kitu chochote. Kasoro zake ni kwamba ni mkaidi, haukunjiki vizuri mkobani, na bei iko juu.

Lakini tatizo kubwa la waya mnene ni kwamba unaigizwa kirahisi. Kinachoonekana ni ganda, na ganda linaweza kujazwa plastiki. Nyaya zilizofumwa kwa nailoni kama kamba hupendwa sana, na ufumaji huo kweli unalinda ganda lisichanike, lakini hauongezi hata uzi mmoja wa shaba. Nimepasua wa kufuma uliokuwa mnene kama kalamu ya wino, ndani nikakuta kilekile cha nyuzi saba.

Soma maandishi kwenye ganda kama yapo. Waya mzuri mara nyingi umechapwa kitu kama hiki:

```
28AWG/1P+24AWG/2C
```

Sehemu ya kwanza ni jozi moja ya nyaya za data, hizo zinaweza kuwa nyembamba bila madhara. Sehemu ya pili ni nyaya mbili za umeme, na hiyo 24 ndiyo unayoitafuta. Ukiona 28 pande zote mbili, basi ni wa wastani. Maandishi pia huweza kudanganya, lakini kwa uzoefu wangu asiyeweka shaba mara nyingi hajisumbui hata kuandika AWG. Huandika tu “5A” kwa herufi kubwa kwenye boksi. Pia ushike mkononi: shaba ni nzito. Waya wa mita 1 unaohisi kama uzi mtupu una uwezekano mkubwa ni uzi mtupu.

Huu unamfaa mwenye simu kubwa anayechaji mchana kwa vipande, mwenye nyumba yenye kichwa kimoja na simu tatu zinazosubiri zamu, na mtu anayejua umeme wake hukatika, anayetaka kila dakika umeme ukiwepo ihesabike.

Mrefu wa mita 2

Mrefu unanunuliwa kwa sababu ya kweli. Nyumba zetu nyingi zina soketi moja chumbani, nayo iko karibu na mlango, kitanda kiko upande mwengine. Siwezi kumwambia mtu anunue waya mfupi halafu asimame ukutani.

Ila urefu unalipiwa. Waya wa shaba AWG 24 wa mita 2 una ukinzani wa kama omu 0.4. Hiyo ni namba ile ile ya alumini mbaya ya sentimita 30. Kwa hiyo waya mzuri mrefu na waya mbaya mfupi vinachaji kwa kasi moja, kama ampea 1.5, na hii ndiyo sababu mtu hununua waya wa bei kubwa wa mita 2 akashangaa hauupiti ule mdogo uliokuja na pawa benki. Hakudanganywa. Ukitaka mita 2 zichaji sawa na mnene wa mita 1, tafuta AWG 22 au 20. Zipo, nazo ni nene na ngumu kweli kweli.

Na mrefu mwembamba ndio mbaya kuliko zote nilizozitaja. Alumini ya AWG 30 kwa mita 2 inafika omu 2 na ushei. Simu inapata ampea 0.3 hivi. Ukiwa na data imewashwa na kioo kinawaka, simu inaweza kuisha chaji huku imechomekwa. Waya wa namna hii haumfai mwenye simu janja yeyote.

Kudumu kwa mrefu kunategemea nyumba: hukanyagwa, hufungwa mafundo, hubanwa na mlango. Mwenye watoto wadogo aupitishe ukingoni mwa ukuta. Unamfaa mgonjwa aliyelala, mzee asiyeweza kuinuka kila mara, na mtu wa usiku ambaye haharakishi.

Kama simu yako inachaji haraka

Hesabu zote hapo juu ni za volti 5. Simu nyingi za siku hizi zikikutana na kichwa chake cha chaji ya haraka huomba volti 9. Wapemba tuna mfano wa jambo hili chini ya bahari: umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa volti 33,000, si kwa 230 za soketini. Ukipandisha volti, unahitaji ampea chache kubeba wati zile zile, na kinachopotea njiani hufuata ampea.

Vivyo hivyo kwa simu. Ule waya mbaya wa omu 1.1 ukipitisha ampea 1 kwa volti 9, unafikisha kama wati 8, mara tatu ya zile za mwanzo. Kwa hiyo mwenye kichwa cha chaji ya haraka anaweza asiuone ubovu wa waya wake, mpaka siku akiutumia kwenye kichwa cha kawaida cha jirani au pawa benki.

Lakini ombi la volti 9 linapita kwenye nyaya za data, au kwenye waya maalumu wa mawasiliano ikiwa pande zote mbili ni tundu la taipu C. Waya usio na nyaya hizo hauwezi kupeleka ombi, na simu inabaki kwenye 5. Aidha baadhi ya simu, hasa za Oppo na Realme, huchaji haraka kwa kuongeza ampea badala ya volti tu; hizo zinataka waya wake zilizokuja nao, na mwengine mara nyingi utazirudisha kwenye kasi ya kawaida hata kama ni mnene.

Jaribu kabla ya kuamini

Dukani ombeni ruhusa ya kuuchomeka waya kwenye kompyuta yoyote iliyopo. Simu ikiuliza kama unataka kuhamisha mafaili, nyaya za data zimo. Ikichaji kimya tu, huenda hazimo au zimekatika.

Nyumbani, ngoja simu iwe kati ya asilimia 20 na 60, maana ikikaribia kujaa hupunguza kasi yenyewe na jaribio litakudanganya. Weka hali ya ndege, zima kioo, chomeka, andika asilimia na saa. Rudi baada ya nusu saa. Halafu badilisha waya tu, usibadilishe kichwa wala soketi, fanya tena. Tofauti ya 6 kwa 21 huhitaji kipimo kuiona. Asiyetaka kungoja aweke programu ya Ampere, aangalie miliampea zinazoingia kwenye betri. Asome namba ikitulia baada ya dakika moja, kioo kikiwa kimepunguzwa mwanga. Simu nyingi nazo huandika `Charging slowly` kwenye kioo kilichofungwa, na hilo ni la kuchukulia kwa uzito.

Kama nyaya mbili tatu zinatoa namba ile ile ndogo, basi waya umeonewa. Jaribu kichwa chengine. Halafu angalia tundu la simu kwa tochi: vumbi na manyoya ya mfukoni hujishindilia mle ndani, na kwetu upepo wa bahari huleta unyevu wa chumvi unaoyafanya meno ya waya yaote weusi au ukijani. Zima simu, toa uchafu taratibu kwa kijiti cha mti, si kwa pini ya chuma.

Na waya ukiwa wa moto shingoni, acha kuutumia, haijalishi unachaji kwa kasi gani. Moto wa mahali pamoja maana yake umeme unapita kwenye nyuzi chache zilizobaki au kwenye jino lililolegea. Ubovu unaweza kupita hata huo wa kuchaji polepole: Februari 2016 mhandisi wa Google, Benson Leung, aliyekuwa akijaribu nyaya za taipu C zinazouzwa mtandaoni, aliunguziwa kompyuta yake na waya mmoja uliounganishwa kinyume, chanya mahali pa hasi. Kwa nje ulikuwa waya wa kawaida, na uliingia vizuri.

Kwa hali yako

Unachaji usiku tu na asubuhi unakuta imejaa: kaa na waya ulionao, ila angalia shingo yake.

Unachaji mchana kwa nusu saa nusu saa, kichwa chako ni cha volti 5: chukua mnene wa mita 1, na uujaribu. Ukikosa mnene wa kuaminika, mfupi wowote wenye nyaya za data utakutosha kuliko mwembamba wa mita 1, mradi uwe na pa kuiweka simu.

Soketi iko mbali na hupendi kuinuka: mrefu wa AWG 22 au 20. Ukipata wa 24 tu, ujue umechagua kustarehe na kuacha robo ya kasi, na hilo si kosa. Kwa nafuu zaidi, nunua waya wa kurefushia soketi uliotengenezwa vizuri, usogeze kichwa cha chaja karibu na kitanda, kisha tumia waya mfupi. Volti 230 haipungukiwi na chochote cha maana kwa mita 3 za waya huo.

Una kichwa cha chaji ya haraka kilichokuja na simu: rudisha ule ule waya wake, na ukiharibika tafuta wa aina ile ile kwanza.

Shangazi alinitazama nikimweleza yote haya, akaniuliza swali moja tu: “Sasa huu mwembamba niutupe?” Nikamwambia asiutupe. Mnene nilimwachia wangu kwa simu yake, na ule mwembamba ulikaa karibu mwaka mzima kwenye soketi ya jikoni ukichaji kiswaswadu cha mjomba, ambacho hujaa kabla chai haijaiva mara ya pili.